Televisheni zinazorudi dukani: nani hasa ana mali mbovu?

*"Nina duka la elektroniki hapa Lubumbashi. Televisheni za inchi 32 nazichukua kwa watu wawili: muuzaji wa jumla wa hapa mjini, na mwingine wa Dubai anayeniletea kwa kontena kupitia Dar es Salaam. Mteja nampa garanti ya miezi sita. Mwezi wa Juni za mjini niliuza 12 na zikarudi 3, yaani asilimia 25. Za Dubai niliuza 90 zikarudi 7, haifiki hata asilimia 8, tena kila moja ni rahisi kwa dola 9. Shemeji yangu anasema tuachane na huyu wa mjini. Fundi wetu anakataa, ila hawezi kueleza kwa nini. Nimekutumia picha za daftari letu tangu Novemba. Ripoti ya garanti inatengenezwaje ili nijue ukweli?"*

Mama, fundi wenu yuko sahihi, na sababu aliyoshindwa kuieleza iko ndani ya daftari lako mwenyewe. Nimezifuata zile tatu za mjini zilizorudi Juni, moja baada ya nyingine. Moja iliuzwa kabla ya Noeli, mbili ziliuzwa Januari. Kati ya zile 12 ulizouza Juni haijarudi hata moja. Kwa hiyo ile asilimia 25 imechukua wagonjwa wa Desemba na Januari ikawagawa kwa watu wa Juni, ambao hawahusiani nao.

Kosa hili ni la kawaida sana, na huwa linaegemea upande mmoja. Msambazaji ambaye umepunguza kununua kwake ataonekana mbovu kila mwezi, maana mauzo yake mapya ni machache huku mali yake ya zamani ikiendelea kurudi taratibu. Anayekua ataonekana msafi, kwa sababu unagawa kwa televisheni nyingi ambazo bado ni mpya na hazijapata muda wa kuharibika. Wa Dubai kwako alianza Machi na televisheni 40, Aprili 70, Mei 80, Juni 90. Kwa mwendo huo hata mali mbovu itaonekana nzuri, mpaka siku mauzo yatakaposimama.

Dawa yake ni kuihesabu kila televisheni katika mwezi iliouzwa, si mwezi iliorudi, halafu makundi yote kuyapa umri mmoja. Muuguzi wa kliniki halinganishi kilo za mtoto wa miezi mitatu na za mtoto wa mwaka mmoja. Anatazama kila mtoto alikuwa na kilo ngapi alipofikisha miezi mitatu. Nawe uliza: katika televisheni ambazo zote zimeshafikisha siku 30 mikononi mwa wateja, ngapi zilirudi ndani ya siku hizo 30? Kisha uliza vivyo hivyo kwa siku 90. Televisheni ambayo haijafikisha siku hizo haiingii, si juu kwenye zilizorudi wala chini kwenye zilizouzwa.

Nimezipanga upya namba zako hivyo, nikisimamia tarehe 30 Juni. Za mjini uliuza 40 Novemba, 60 Desemba na 30 Januari, kisha zikaisha mpaka Juni. Jumla 130, na zote zimepita siku 30 kitambo. Zilizorudi ndani ya siku 30 ni 6. Za Dubai nachukua Machi, Aprili na Mei, yaani 190. Zile 90 za Juni naziacha nje kwa sasa. Zilizorudi ndani ya siku 30 ni 17. Sita kwa 130 ni asilimia 4.6. Kumi na saba kwa 190 ni asilimia 8.9. Tayari picha imegeuka, na bado hatujauliza zilirudi kwa sababu gani.

Hilo ndilo swali la pili, na hapa namshukuru fundi wenu, kwa sababu aliandika alichokiona kila alipofungua televisheni. Dai la garanti si kasoro. Kuna televisheni inayorudi kwa kosa la kiwanda, kuna iliyoungua kwa umeme, kuna iliyoanguka au kupasuka kioo, na kuna ile ambayo haina shida yoyote ila mteja alikosea kuunganisha dekoda. Hata ukiamua kumbadilishia mteja kwa kulinda jina la duka, sababu iandikwe ile ile ya kweli. Uamuzi wa kumsaidia mteja ni jambo moja, na kosa la msambazaji ni jambo lingine. Nimeona maduka mengi yakiyachanganya haya mawili katika safu moja ya daftari, kisha yanakwenda kudai fidia ya kioo kilichovunjwa na watoto.

Iliyoungua kwa umeme mara nyingi inajitambulisha yenyewe. Fundi akifungua bodi ya umeme anakuta kioo cha fyuzi kimekuwa cheusi, na kile kisahani kidogo, mara nyingi cha buluu, kilicho karibu na mahali umeme unapoingia kimepasuka au kuungua. Kazi ya kisahani hicho ni kujitoa mhanga umeme unaporuka ghafla, kama pale shirika la umeme la SNEL linaporudisha umeme baada ya kukata au radi inapopiga karibu. Lakini usiifanye hii kuwa kapu la kutupia kila kitu. Bodi dhaifu nayo huungua kwa umeme wa kawaida tu. Ndiyo maana safu ya umeme nayo inalinganishwa kati ya wasambazaji: kama wote wanauza katika mitaa ile ile na mali ya mmoja inaungua mara mbili zaidi, hilo si kosa la SNEL peke yake. Kwako ziliungua 3 za mjini na 3 za Dubai ndani ya siku 30, kwa hiyo hapo hakuna la kumlaumu yeyote.

Ukiondoa hizo sita zilizoungua, pamoja na moja kila upande ambayo haikuwa na shida, za kiwanda zinabaki 2 kwa 130 upande wa mjini, yaani asilimia 1.5, na 13 kwa 190 upande wa Dubai, yaani asilimia 6.8.

Sasa tazama zile 13 kwa karibu. Katika 9, fundi ameandika maneno yale yale: "sauti ipo, picha hakuna." Mteja huyu anakuja dukani akisema kioo kimekufa. Kabla ya kukubali, washa televisheni, zima taa za duka, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa karibu kabisa. Ukiona picha hafifu ikitembea ndani ya giza, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za LED zilizo nyuma yake. Taa hizo zimepangwa kwenye vipande vyembamba na huwa zimefuatana kwenye njia moja ya umeme, kwa hiyo moja ikiungua, mstari unakatika na televisheni inazima taa zote. Viwanda vingi vya bei ya chini huzisukuma taa hizi kwa nguvu ili televisheni ing'ae dukani, na joto ndilo linaloziua.

Kosa moja likijirudia 9 katika 13, huna televisheni 13 zenye bahati mbaya. Una mzigo wenye ugonjwa mmoja. Hilo lina faida mbili. Kwanza, unaweza kulipunguza: kabla ya kumkabidhi mteja, ingia kwenye menyu ya picha, tafuta `Rétroéclairage`, yaani mwanga wa taa za nyuma, na kama iko kwenye 100, ishushe mpaka 70. Chumbani hataona tofauti kubwa, ila taa zitapumua. Pili, una jambo mahususi la kumwambia msambazaji badala ya "mali yako ni mbovu." Nitarudi hapo.

Kuna jambo la majira ambalo namba peke yake hazikuonyeshi. Za mjini ziliuzwa Novemba hadi Januari, katikati ya mvua na radi za Katanga. Za Dubai ziliuzwa Machi hadi Mei, mvua zikielekea kwisha. Kwa hiyo za Dubai zilianza maisha katika miezi mepesi zaidi, na bado zimefanya vibaya. Kama ingekuwa kinyume, ningekuambia subiri kwanza. Hili pia ni onyo la baadaye: usije ukashangaa Desemba ijayo safu ya umeme ikipanda kwa wote wawili, ukadhani wamebadilisha kiwanda.

Je, namba hizi zinatosha kumhukumu mtu? Zinatosha kukushtua, hazitoshi kuapa. Mbili kwa 130 ni kitu kidogo sana. Zingeongezeka mbili tu upande wa mjini na kupungua mbili upande wa Dubai, ungekuwa na asilimia 3.1 dhidi ya 5.8, na pengo lingepungua nusu. Ukipima makosa ya kiwanda kwa siku 90 namba ni chache zaidi. Za mjini ni 4 kwa 130, asilimia 3.1. Za Dubai zilizofikisha siku 90 ni za Machi tu, 4 kwa 40, asilimia 10. Lakini televisheni 40 ni chache mno: mzigo unaotoa 4 mbovu kwa 40 waweza kuwa na ubovu halisi wa asilimia 3 tu, au wa zaidi ya 20. Mimi sipendi kuandika asilimia kwenye ripoti yoyote bila kuweka pembeni yake "4 kwa 40." Anayesoma aone mwenyewe uzito wa namba.

Na kuna tundu moja ambalo laweza kuiangusha hukumu yangu yote. Katika daftari, wanunuzi wengi wa Desemba waliandikwa Kolwezi na Likasi, wengine wakibeba tano au sita za kwenda kuuza. Mtu wa Kolwezi ambaye televisheni yake imezima hatalipa gari kuja Lubumbashi kwa ajili yako. Atampelekea fundi wa mtaani kwake. Basi huenda za mjini zinaonekana nzuri kwa sababu tu zimekwenda mbali. Namba za simu umeziandika. Piga kwa wanunuzi kama ishirini wa Novemba na Desemba walioko nje ya mji, uliza kama televisheni inafanya kazi. Kama wawili au watatu watakuambia zilikufa zikatengenezwa huko, rudi kwangu tuhesabu upya. Kwa sasa, linganisha pia wanunuzi wa Lubumbashi peke yao, maana hao wanarudi.

Tuje kwenye dola 9, kwa sababu kiwango cha kasoro peke yake hakimfukuzi msambazaji. Kwa bei ulizoandika, ya mjini ni dola 95 na ya Dubai dola 86. Katika kila televisheni 100 za Dubai unaokoa dola 900. Wa mjini anakubadilishia ikithibitika ni kosa la kiwanda; wa Dubai habadilishi, hasara ni yako. Ukimpa mteja mpya, umetoa dola 86. Kutengeneza ile mbovu, vipande vya taa pamoja na kazi ya fundi, ni dola 15. Ukiiuza kama iliyotengenezwa unapata dola 55. Hasara yako kwa kila moja ni dola 46. Zikifa 10 kwa 100 unapoteza dola 460, bado umebaki na 440 mkononi. Kumbe shemeji naye hakuwa mjinga! Faida ya Dubai inaisha pale zinapofika takriban 20 kwa 100, ndani ya miezi yote sita ya garanti.

Na hapo ndipo kwenye wasiwasi wangu. Hizo 10 kwa 100 ni za siku 90 tu, nusu ya garanti yako. Taa zinazokufa kwa joto haziishi kufa mwezi wa tatu, kinyume na kosa la kuunganisha vibaya kiwandani ambalo hujitokeza wiki za mwanzo kisha linatulia. Kama miezi mitatu ya pili itafanana na ya kwanza, utakuwa palepale kwenye 20, na ile dola 9 itakuwa imekwenda yote, mbali na wateja waliokasirika. Ukibadilisha utaratibu, ukamtengenezea mteja kwanza badala ya kumpa mpya, hasara inashuka mpaka dola 15 kwa kila moja, na Dubai inabaki na faida hata kwa ubovu huo. Sharti lake ni kuwa na vipande vya taa dukani, ili mteja asikae zaidi ya siku mbili tatu bila televisheni.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi. Wa mjini nisingemwacha. Ya wa Dubai ningeendelea kuuza mali iliyopo, huku mwanga ukishushwa kwenye menyu, ila nisingeagiza mzigo mkubwa kabla ya kuona mambo mawili: tarehe 29 Julai kundi la Aprili, televisheni 70, litakuwa limefikisha siku 90 lote, na tarehe 27 Septemba kundi la Machi litakuwa limemaliza siku 180. La Aprili likitoa 7 au zaidi za kiwanda, namba ya Machi haikuwa bahati mbaya.

Wakati huohuo mwandikie wa Dubai. Usimpe asilimia tu. Mpe orodha ya namba za seriali za zile 9, picha ya kibandiko cha nyuma cha kila moja, na video fupi ya tochi ikionyesha picha ndani ya giza. Kudai arudishiwe televisheni kutoka Lubumbashi mpaka Dubai ni ndoto, usafiri unazidi bei ya mali. Omba kinachowezekana: vipande vya taa vya bure ndani ya oda ijayo, tuseme seti 15 kwa kila televisheni 100, au punguzo kwenye fakture ijayo. Kabla ya kutuma, tazama kama namba za seriali za mbovu zinakaribiana. Kama zinakaribiana, ni mzigo mmoja wa kiwanda, na mzigo unaofuata waweza kuwa mzima.

Upande wa daftari, kinachokosekana kwako ni kidogo. Televisheni za wasambazaji wote wawili zina chapa moja na umbo moja, na mara mbili fundi aliweka alama ya kuuliza mahali pa msambazaji. Mali ikiingia, bandika nyuma kikaratasi chako chenye herufi na mwezi, kwa mfano D-03 au M-06, kisha iandike herufi hiyo na namba ya seriali kwenye risiti. Itakukinga pia na mteja anayeleta televisheni aliyoinunua duka lingine.

Kwenye kompyuta tumia jedwali moja, mstari mmoja kwa kila televisheni iliyouzwa: A namba ya seriali, B bidhaa, C msambazaji, D tarehe ya kuuza, E tarehe iliyorudi, F sababu. E na F zinabaki tupu mpaka irudi. Excel ya hapa kwetu nyingi ni ya Kifaransa, kwa hiyo nakuandikia hivyo. Kwenye G2 weka umri wake iliporudi, uivute mpaka chini:

```
=SI(E2="";"";E2-D2)
```

Kisha, mahali pengine, zilizouzwa na kufikisha siku 30, na chini yake zilizorudi kwa kosa la kiwanda ndani ya siku hizo:

```
=NB.SI.ENS(B:B;"TV32";C:C;"D";D:D;"<="&AUJOURDHUI()-30)
=NB.SI.ENS(B:B;"TV32";C:C;"D";D:D;"<="&AUJOURDHUI()-30;F:F;"kiwanda";G:G;"<=30")
```

Gawa ya pili kwa ya kwanza. Badilisha "D" kuwa "M", na 30 kuwa 90, kila mahali ilipo. Ripoti yako ya mwezi haihitaji zaidi ya mistari hiyo kwa kila bidhaa na msambazaji, na chini yake kosa linalojirudia zaidi limeandikwa kwa maneno.

Hesabu hizi usizitumie mahali pamoja: betri. Kama unauza inverta zenye betri au pawabanki na moja ikarudi imevimba, ina joto bila kutumika au inanuka kuungua, usisubiri ifike asilimia fulani. Toa mzigo huo wote kwenye rafu, uweke nje ya stoo mbali na katoni, na umwite fundi anayezijua betri aje azitazame hapo hapo dukani. Usimpe kijana wa duka azipeleke kwenye teksi. Na ukiona televisheni zinaungua umeme hata zile za maonyesho zilizowashwa dukani kwako, tafuta fundi umeme apime volti za jengo jioni, saa moja hadi saa tatu, siku kadhaa mfululizo, kabla hujamwandikia msambazaji yeyote.